Kati ya Hajala na Hakula

Sentensi fupi ya Kiswahili huharibika kabla mtoto hajaandika neno lolote la Kiingereza. Huharibika pale anapoisoma harakaharaka kwa kuwa ni lugha anayoisema kila siku, akaona hakuna cha kufikiria, akakimbilia kutafuta maneno. Alama za mkasi zikirudi kwenye daftari, lawama yote hubebeshwa Kiingereza chake. Kwa muda niliowasaidia watoto wa mtaa wetu kufanya kazi ya ziada, nimeona kosa kubwa likiwa upande huu wetu, wa Kiswahili.

Nilikuwa nikiishi Kongo, Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati. Jioni watoto walikuja na madaftari yao, wakiniita ticha. Wengi walitoka familia za Kiluhya, wengine za Kikuyu na za Kikisii, na chumba cha mwisho kilikaa familia iliyohamia kutoka Bukavu. Uani wote walikutana katika Kiswahili. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa na mazoea ya kuwapa sentensi za Kiswahili wikendi wazitafsiri, kila moja maneno machache, na juu ya zoezi huandika: zingatia wakati na maana.

Binti mmoja wa Gredi ya Tano aliniletea zoezi ambalo nalikumbuka vizuri, kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii ulikuwa ndani yake. Sentensi ya kwanza ilisema: “Mama huuza mboga.” Akaandika “Mother is selling vegetables.” Ya pili: “Mtoto amelala.” Akaandika “The child has slept.” Ya tatu: “Baba hajala.” Yeye: “Father did not ate.” Ya nne: “Shangazi amefika leo saa tatu asubuhi.” Yeye: “Aunt has arrived today at three o’clock in the morning.” Msamiati wote alikuwa nao. Hakukosa jina la kitu hata kimoja. Kilichomponyoka ni wakati, na wakati ulipoponyoka ukaondoka na maana.

Tuanze na mama wa mboga. Kiambishi hu- hueleza mazoea: jambo linalofanyika siku zote, liwe linafanyika dakika hii au la. Binti yule alikijua kwa jina, kwani walikuwa wamefundishwa hali ya mazoea darasani, lakini hakuwa anakitumia kinywani. Nyumbani kwao walisema “mama anauzanga mboga,” kama wasemavyo wengi Nairobi, hasa wenye asili ya magharibi mwa Kenya. Kijana wa Bukavu naye alisema “anauzaka.” Kwa hiyo alipokutana na “huuza” kwenye karatasi hakusikia chochote, akalichukulia kama “anauza” la kawaida na kuandika tendo linaloendelea.

Nilimuuliza swali moja: “Sasa ni usiku, mama yako amepumzika ndani. Sentensi hii bado ni ya kweli?” Akasema ni kweli, kwa sababu kesho ataamkia sokoni. Basi, kama sentensi inabaki kweli hata mtu akiwa kitandani, Kiingereza chake ni “Mother sells vegetables,” na ile herufi s mwishoni mwa kitenzi isisahaulike kwa kuwa mtendaji ni mmoja, tena wa nafsi ya tatu. Kama ingekuwa kweli pale tu mama anaposimama kibandani akimpimia mteja sukuma wiki, ndipo tungesema “is selling.” Nilimweleza pia kwamba “anauzanga” na “anauzaka” zisimtie aibu. Zinabeba maana ileile ya “huuza,” na mtoto anayezisema tayari anayo hali ya mazoea kichwani. Kazi yake ni kuitambua ikija na vazi la kitabuni.

Mtego wenyewe uko kwenye -na-, kwa sababu kiambishi hicho hutumika pande zote mbili. “Baba anafanya kazi Industrial Area” yaweza kumaanisha yuko huko sasa hivi, au ndiko ajira yake iliko. Hapo mtoto ajaribu kuingiza “kila siku,” kisha “sasa hivi,” aone ni lipi linaloingia bila kuipotosha sentensi. Yakiingia yote mawili, atazame sentensi za jirani. Na kuna vitenzi ambavyo Kiingereza hakikubali kuvionyesha vikiendelea hata vikiwa na -na- kwetu: “ninajua” ni “I know,” “anapenda” ni “she likes,” “tunaamini” ni “we believe.” Vitenzi vya kujua, kupenda, kutaka na kumiliki viko kundi hilo, na vinafaa kukaririwa.

Sentensi ya pili ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Shuleni mtoto hufundishwa kwamba -me- ni hali timilifu, na katika somo la Kiingereza hufundishwa kwamba timilifu huandikwa kwa “has” au “have.” Huunganisha mawili hayo na kupata kanuni rahisi: kila -me- ni “has.” Kanuni hiyo humfikisha salama kwenye “amevunja kikombe,” ambayo ni “she has broken the cup.” Kwenye “amelala” humwangusha. Anayesoma “The child has slept” huelewa kwamba mtoto amepata usingizi wake na huenda sasa yuko macho. Sentensi ya Kiswahili inasema kinyume chake: mtoto yuko usingizini wakati huu. Kiingereza chake ni “The child is asleep,” au “is sleeping.”

Sababu ni kwamba -me- yetu ina kazi mbili. Husema kwamba tendo limekamilika, na husema kwamba hali iliyoletwa na tendo hilo ingali ipo. E. O. Ashton aliyaeleza yote mawili katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1944, lakini mtoto wa Gredi ya Tano hahitaji kitabu hicho. Anahitaji swali: sasa hivi yukoje? Aliyelala yuko usingizini. Aliyesimama yuko wima. Aliyechoka hana nguvu. Aliyevaa koti analo mwilini. Jibu likiwa ni hali ambayo ungeiona ukifungua mlango, Kiingereza hutumia “is”: “is standing,” “is tired,” “is wearing a coat.” Ndizi zilizoiva ni “ripe,” na mtungi uliojaa ni “full,” bila “has” popote.

Tulilipima jambo hili kwa kuigiza. Nilimwambia kaka yake mdogo avae sweta polepole, nikamwomba binti anieleze anachoona. Mikono ikiwa bado inatafuta njia akasema “anavaa.” Kichwa kilipotokeza na sweta likatulia mwilini akasema “amevaa.” Halafu tukaandika: “anavaa sweta” ni “he is putting on a sweater,” na “amevaa sweta” ni “he is wearing a sweater.” Ajabu yake ni kwamba ile “is” yenye “-ing,” ambayo alikuwa amezoea kuiwekea -na- peke yake, hapa imeitumikia -me-. Vivyo hivyo “anaketi” ni mtu anayeinama kuelekea kitini, “she is sitting down,” na “ameketi” ni mtu aliyekwisha kutulia hapo, “she is sitting.” Mtoto akishaona hivyo kwa macho huacha kulinganisha viambishi na kuanza kulinganisha mambo yenyewe.

Akifika hapo, hata wakati uliopita hautamsumbua. “Mtoto alikuwa amelala” wengi huandika “had slept.” Hali ileile ya usingizi imerudishwa nyuma tu, kwa hiyo ni “The child was asleep.” Lakini “alikuwa amevunja kikombe” ni “she had broken the cup,” kwa sababu hapo tunazungumzia tendo lililomalizika kabla ya jambo jingine.

Sentensi ya tatu, ya baba na chakula, ilimwingiza mama mtu kwenye somo. Alikuwa mama mboga karibu na steji, shule aliiacha mapema, na kila mara nilipomwita asikilize alisema, “Mwalimu, mimi Kiingereza kilinipita.” Jioni hiyo alikuwa akipakua ugali. Nikamwomba anisaidie Kiswahili tu. “Mama, nikikwambia baba hajala, na nikikwambia baba hakula, utamwekea chakula wapi?”

Hakufikiri. Akafunika sufuria kwa sahani. “Hajala namwekea, anakuja. Hakula hiyo imepita, labda ni jana alikataa.”

Hakuna mwalimu wa sarufi ambaye angelisema vizuri kuliko hivyo. “Hajala” huacha mlango wazi: tendo halijafanyika mpaka sasa na linatarajiwa. Kiingereza chake ni “Father has not eaten yet,” na neno “yet” hapo si pambo, ndilo linalobeba lile tarajio. “Hakula” hufunga mlango: wakati wa kula ulikuwepo ukaisha, naye hakula. Hiyo ni “Father did not eat.”

Kwa nini basi binti aliona “hajala” akaandika kama “hakula”? Nilimwambia asome kwa sauti, nikasikia chanzo. Uani petu hakuna aliyesema “hajala.” Tulisema “hajakula,” na kwa wakati uliopita tulisema “hakukula.” Sikio lililozoea mapacha hao wawili likikutana na “hajala” na “hakula” za kitabuni huyumba, kwa sababu “hakula” inafanana na mkia wa “hajakula.” Nilimwandikia maneno yote manne kwenye ukurasa mmoja, ya mtaani upande huu na ya kitabuni upande ule, akayaunganisha kwa mistari. Tangu hapo alikuwa akitafuta -ja-. Akiiona, anajua jambo halijafika lakini linangojwa.

Lile “did not ate” lilikuwa kosa la Kiingereza kwelikweli, na tiba yake pia ilipatikana kwa kutazama Kiswahili. Katika “hakula” wakati uliopita umekaa mahali pamoja, kwenye -ku-. Kitenzi kinachofuata, -la, hakina wakati wowote. Kiingereza nacho hukataa kuutaja wakati mara mbili: “did” imekwisha kuubeba, hivyo kitenzi hubaki kitupu, “eat.” Mtoto aliyezoea kutenga viambishi vya Kiswahili hulielewa hilo upesi, mradi aonyeshwe.

Sentensi ya nne ilikuwa na mitego miwili katika mstari mmoja. Wa kwanza ni saa. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kiingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita: saa tatu asubuhi ni “nine o’clock,” na saa saba mchana ni “one o’clock.” Watoto wa Nairobi hulijua hilo wakitazama simu, lakini mkononi wakishika kalamu huandika namba waliyoisikia. Tafsiri ya binti ilimleta shangazi saa tisa za usiku, saa ambayo mbwa wa ploti wangemtoa mbio. Nikamwambia kila anapoandika saa atazame nje kwa mawazo: kuna jua au giza? Asubuhi ya “three o’clock” ni giza totoro.

Mtego wa pili ni -me- ikiwa pamoja na wakati uliotajwa. Katika mazungumzo yetu tunaweza kusema “amefika leo saa tatu” bila mtu kukunja uso. Kiingereza hakiruhusu. Pindi kunapotajwa wakati uliokwisha, kama jana, juzi, mwaka jana, au saa fulani iliyopita, “has” huondoka na kitenzi huingia wakati uliopita: “My aunt arrived at nine o’clock this morning.” Mtoto mwangalifu huona hapa amesaliti -me- ya kwenye karatasi. Hajaisaliti. Kilichotakiwa kufika upande wa pili ni habari kwamba shangazi alifika asubuhi ile saa ile, na habari hiyo imefika nzima. Kama sentensi ingekuwa “Shangazi amefika” bila saa, basi “My aunt has arrived” ndiyo tafsiri, na maana yake nenda kamfungulie mlango.

Baadaye nilihamia Kibera, upande wa Makina, na huko nikapata watoto wakubwa kidogo waliopewa vifungu badala ya sentensi mojamoja. Kwao tatizo lilikuwa -ka-. Chukua hii: “Alienda dukani, akanunua sabuni, akarudi.” Kijana mmoja aliandika: “He went to the shop, and buys soap, and returns.” Alianza vizuri, halafu wakati ukakatika njiani. Alinieleza kwamba hakuona -li- kwenye vitenzi viwili vya mwisho, kwa hiyo akadhani havimo katika wakati uliopita.

Alikuwa ameona sawasawa, ila hakufika mwisho. Kiambishi -ka- cha masimulizi hakina wakati wake chenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia na kuongeza habari kwamba tendo hili lilifuata lile. Katika Kiingereza hakuna kuazima, kila kitenzi hubeba wakati wake: “He went to the shop, bought soap and came back.” Niliwafundisha kupigia mstari kitenzi cha kwanza chenye -li-, kisha kuchora mshale kutoka hapo hadi kila -ka- inayofuata. Mshale ukifika, wakati umefika. Nikawaonya pia kwamba -ka- ya “nenda ukanunue sabuni” ni nyingine. Hiyo ni amri, nayo ni “go and buy soap,” wala haina habari ya jana.

Kuna njia ya kukagua kazi ambayo walimu wengi huipenda: mtoto mwingine apewe Kiingereza kilichoandikwa akirudishe kwenye Kiswahili, kisha sentensi mbili zilinganishwe. Husaidia kwenye saa na kwenye -ka-. Kwenye -me- hudanganya. Ukimpa mtoto wa ploti ileile “The child has slept,” atakurudishia “mtoto amelala,” mkashangilia kwamba kazi imelingana, kumbe wote wawili wameshika kanuni ileile mbovu. Kwa hiyo hapo afadhali kumwambia mtoto achore au aigize kile Kiingereza kinachosema. Akiwa haoni tofauti kati ya “has slept” na “is asleep” kwenye mchoro, utajua mahali pa kuanzia.

Na kuna mambo ambayo hayavuki hata ufanyeje. “Amefika” haituambii kama ni mwanamume au mwanamke, ilhali Kiingereza humlazimisha mtoto achague “he” au “she.” Sentensi ikiwa peke yake, lolote kati ya hayo ni sahihi, na mwalimu asimkate alama. Ikiwa sentensi ya juu yake ilimtaja shangazi, basi “he” ni kosa.

Nikiyatazama haya yote, naona chanzo kimoja. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakiweka kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo lugha hizi mbili hufundishwa kila moja kwa kipindi chake. Mwalimu mmoja hutaja hali timilifu asubuhi, mwingine hutaja ya kwake mchana, na hakuna anayeziweka ubaoni pamoja ili mtoto aone zinapokutana na zinapoachana. Kazi hiyo huachiwa zoezi la tafsiri la wikendi, na mtoto huifanya peke yake chini ya taa.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wa Kongo, wa Makina na wa kwingineko: usimwachie mtoto daftari kwa sababu Kiingereza kilikupita. Msomee sentensi kwa Kiswahili, kisha muulize. Jambo hili ni la kila siku au la sasa hivi? Huyu mtu sasa hivi yukoje? Linangojwa au limepita? Saa hiyo nje kuna jua? Asiandike mpaka amejibu. Kamusi itampa maneno na mwalimu atamsahihishia tahajia, lakini majibu ya maswali hayo unayo wewe.